Jumla ya wadaiwa inasoma sifuri: kisa cha faili la Excel lililofika kwa barua pepe

Jumatatu moja asubuhi nilipigiwa simu na mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Mwanza. Mama huyu nimemhudumia kompyuta zake kwa miaka kadhaa, na si mtu wa kupiga simu kwa jambo dogo. Akaniambia, "Mwanangu, barua pepe inakula hesabu zangu. Majina yamefika, madeni yamefika, lakini jumla zote sifuri."

Faili lilikuwa ripoti ya wadaiwa. Ofisi yao ya Dar es Salaam ina kijana aliyeandika programu ndogo inayochota madeni kwenye mfumo wa mauzo, inatengeneza faili la Excel kila Ijumaa jioni na kulituma kwa barua pepe lenyewe. Mama anafungua barua zake kwenye kivinjari, anapakua kiambatisho, anakifungua. Kabla ya hapo kijana alikuwa anaitengeneza ripoti kwa mkono na hakukuwa na tatizo. Hii ilikuwa wiki ya kwanza ya programu.

Nilimkuta ameshampigia kijana, na kijana amemhakikishia kwamba kwake jumla inasoma vizuri, shilingi 4,860,000. Alikuwa ametuma hata picha ya kioo chake. Faili moja, watu wawili, majibu mawili. Halafu mama akaongeza jambo lililonifanya nivute kiti: mlinda ghala alikuwa amekuja na faili lilelile kwenye flashi, akalifungua kwenye kompyuta hiyohiyo ya mama, na jumla zikaonekana zote. Ndiyo maana alikuwa na hakika kwamba barua pepe ndiyo mharibifu.

Barua pepe haikuharibu chochote. Lakini mama hakuwa amekosea kuishuku, na inafaa kueleza kwa nini.

Nilipofungua faili, juu ya laha kulikuwa na mstari wa njano ulioandikwa `PROTECTED VIEW`, ukifuatiwa na onyo kwamba mafaili kutoka intaneti yanaweza kuwa na virusi, na mwishoni kitufe cha `Enable Editing`. Ukifungua kiambatisho moja kwa moja kutoka Outlook, onyo linataja viambatisho vya barua pepe badala ya intaneti, ila hali ni ileile. Excel imefungua faili katika chumba kilichofungwa: unaona, unasogeza juu na chini, unaweza kubofya seli na kusoma fomula yake, lakini huandiki na Excel haipigi hesabu. Ukibonyeza `F9` hakitokei kitu.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. Kama Excel haipigi hesabu, mbona ripoti za zamani za kijana, zile za mkono, zilikuwa zinaonyesha jumla hata mstari wa njano ukiwepo? Jibu ni kwamba seli yenye fomula inabeba vitu viwili ndani ya faili: fomula yenyewe, na jibu la mwisho lililohifadhiwa pamoja nayo. Ndani ya `Protected View` unachosoma ni lile jibu lililohifadhiwa. Excel ilishapiga hesabu kwenye kompyuta ya aliyetuma, ikaandika jibu, na wewe unasoma alichoandikiwa yeye. Ni kama kusoma risiti. Hakuna anayejumlisha upya mbele yako.

Nilitaka mama alione kwa macho. Faili la `.xlsx` kwa ndani ni furushi la zipu, kwa hiyo nilitengeneza nakala, nikabadilisha mwisho wa jina kuwa `.zip`, nikaingia kwenye folda ya `xl`, kisha `worksheets`, nikafungua `sheet1.xml`. Seli ya jumla ilikuwa imeandikwa hivi:

```
<c r="D12"><f>SUM(D5:D11)</f><v>0</v></c>
```

Kilicho kati ya `<f>` na `</f>` ni fomula. Kilicho kati ya `<v>` na `</v>` ni jibu lililohifadhiwa. Sifuri ile haikutokana na hesabu yoyote. Imeandikwa pale na programu ya kijana kama kishika nafasi.

Kijana alitumia Python na maktaba iitwayo XlsxWriter. Maktaba hii inaandika faili la Excel bila kuwa na Excel, na haina uwezo wa kukokotoa fomula. Kwa hiyo kila inapoandika fomula, inaweka 0 kama jibu, kisha inaacha maagizo ndani ya faili kwamba Excel ikifungua ipige hesabu zote upya. Kwenye `workbook.xml` maagizo hayo yanaonekana kama `fullCalcOnLoad="1"`. Hilo linafanya kazi vizuri mahali popote Excel inaporuhusiwa kupiga hesabu. Ndani ya `Protected View` hairuhusiwi, kwa hiyo maagizo yanasubiri na sifuri inabaki.

Kulikuwa na ushahidi mwingine palepale kwenye laha, usiohitaji kufungua zipu, na ningependa kila mhasibu aujue. Safu ya F ilikuwa na asilimia ya kila deni katika jumla, fomula yake `=D5/$D$12`. Seli zote zilisoma `0%`. Kama jumla ya D12 kweli ingekuwa sifuri kwa hesabu, kugawanya kwa sifuri kungeleta `#DIV/0!` safu nzima. Sifuri tulivu mahali ambapo hesabu ingetoa kosa ni dalili ya wazi kwamba hakuna hesabu iliyofanyika kabisa. Safu ya E nayo, ya siku tangu ankara itolewe, ilisema siku sifuri kwa kila mteja, huku tarehe za ankara zikionekana wazi kando yake ni za wiki na wiki zilizopita. Kiasi cha deni kwenye safu ya D pekee ndicho kilikuwa sahihi, kwa sababu pale hakuna fomula, ni namba zilizoandikwa.

Nikabofya `Enable Editing` baada ya kuhakikisha na kijana kwa simu kwamba faili ni lake. Mara moja D12 ikawa 4,860,000, mteja wa kwanza mwenye 1,250,000 akapata asilimia 26, na siku zikajaa.

Basi kwa nini flashi haikuleta shida? Windows hupachika alama kwenye faili linalopakuliwa kutoka intaneti. Alama hiyo haiko ndani ya laha, iko pembeni ya faili kwenye diski, na unaweza kuisoma kwa PowerShell:

```
Get-Content .\wadaiwa.xlsx -Stream Zone.Identifier
```

Kwenye kompyuta ya mama majibu yalikuwa na mistari hii:

```
[ZoneTransfer]
ZoneId=3
```

Namba 3 ina maana ya intaneti, na Excel ikiiona inafungua katika `Protected View`. Lakini alama hii inaishi kwenye diski zenye mpangilio wa NTFS. Flashi nyingi za mtaani zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuiweka, kwa hiyo ukinakili faili kwenda kwenye flashi alama inadondoka njiani. Mlinda ghala alileta faili lisilo na alama, Excel ikaliamini, ikapiga hesabu. Kijana wa Dar naye faili lake lilitengenezwa kwenye kompyuta yake, halijawahi kupita intaneti, halina alama. Ndiyo maana hata akilifungua mara mia hatoliona tatizo. Kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Kijana alikuwa na dokezo moja mbele yake ambalo hakulitilia maanani. Aliniambia kwamba kila akifungua ripoti kuikagua, bila kugusa seli hata moja, Excel akiifunga inamuuliza kama ahifadhi mabadiliko. Yeye anajibu hapana, kwa kuwa hajabadilisha kitu. Lakini Excel imebadilisha: imepiga hesabu zote na inataka kuandika majibu mahali pa zile sifuri. Ukitengeneza faili kwa programu, kisha Excel ikakuuliza swali hilo wakati hukugusa kitu, jua kwamba huenda majibu yaliyo ndani ya faili siyo unayoyaona kwenye kioo. Siku zile za mkono alikuwa anabofya kuhifadhi kabla ya kutuma, na majibu yalikuwa yanasafiri na faili.

Hapo ningeweza kumwambia mama abofye kitufe kila Jumatatu, nikaenda zangu. Mtu mmoja wa ofisini alishapendekeza zaidi ya hapo: kuingia `File`, `Options`, `Trust Center`, `Trust Center Settings`, kisha `Protected View`, na kuondoa tiki zote tatu ili mstari wa njano usionekane tena. Nilikataa, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ushauri huu unazunguka sana maofisini.

Chumba kile kilichofungwa kina kazi. Mwaka 2017 ilirekebishwa kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2017-11882, kwenye kipande cha Office cha kuandikia milinganyo ya hisabati. Faili lililotengenezwa kwa hila liliweza kuendesha programu ya mshambuliaji kwenye kompyuta ya aliyelifungua, bila makro na bila swali lolote. Kilichomzuia mshambuliaji kwa watu wengi ni `Protected View`, maana kipande kile hakikuamshwa mpaka mtu abofye `Enable Editing`. Ndiyo maana mafaili ya kitapeli huja na picha kubwa ndani ya laha inayokuelekeza ubofye kitufe hicho ili "uone ankara". Mstari halisi wa Excel uko nje ya seli, chini ya menyu. Maelekezo yaliyoandikwa ndani ya laha yameandikwa na aliyetuma faili.

Sasa fikiria mama huyu, ambaye kila Jumatatu anapokea faili lisilosomeka mpaka abofye. Baada ya miezi miwili mkono wake utabofya kabla jicho halijasoma jina la aliyetuma. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko sifuri zenyewe. Ripoti ya kusoma tu, ambayo hakuna anayetakiwa kuandika ndani yake, haina sababu ya kumlazimisha msomaji afungue mlango. Na kuna wasomaji ambao hata huo mlango hawana: mkurugenzi wao huangalia ripoti kwenye simu akiwa safarini, na baadhi ya programu za simu haziwezi kukokotoa fomula, zinaonyesha jibu lililohifadhiwa tu. Kwake sifuri zilikuwa sifuri, bila mstari wa njano wala kitufe. Alishaanza kuuliza kwa nini wadaiwa hawana jumla.

Kwa hiyo dawa ilibidi iwe Dar, kwa mtumaji. Programu ya kijana tayari ilikuwa na madeni yote mkononi kabla ya kuyaandika, kwa hiyo kujumlisha ilikuwa kazi ya mstari mmoja. XlsxWriter inakubali jibu kama kitu cha mwisho unapoandika fomula:

```
jumla = sum(madeni)
ws.write_formula("D12", "=SUM(D5:D11)", pesa, jumla)
```

Neno `pesa` hapo ni muundo wa namba aliokuwa ameshauweka, na `jumla` ndiyo inayoingia kati ya `<v>` na `</v>`. Fomula inabaki hai kwa atakayetaka kuhariri, na jibu linaonekana kwa asiyetaka. Alifanya hivyohivyo kwa asilimia na kwa siku. Kama ripoti yako ina fomula ngumu usizotaka kuzirudia kwenye Python, njia nyingine ni kulifungua faili kwenye Excel kamili, kulihifadhi, ndipo ulitume. Kwa wanaotumia openpyxl, angalieni zaidi: maktaba hiyo inaandika fomula bila jibu lolote, na hata ukifungua nayo faili ambalo Excel ilishalikokotoa, ukibadilisha seli moja na kuhifadhi, majibu yote ya fomula yaliyokuwemo yanapotea.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 12 Mei, mama alipiga tena. Sauti ilikuwa tulivu, lakini swali lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Jumla sasa zinaonekana bila kubofya. Ila alipobofya, kwa sababu alitaka kuandika maelezo kando ya mteja mmoja, namba zikabadilika mbele ya macho yake. Mteja mwenye deni la shilingi 310,000 alikuwa kwenye siku 29, akaruka siku 32. Na jumla ya madeni ya siku 0 hadi 30 ikapungua kwa 310,000, ya siku 31 hadi 60 ikaongezeka kwa kiasi hichohicho.

Ankara ya mteja huyo ni ya tarehe 10 Aprili. Safu ya E ilikuwa na fomula hii:

```
=TODAY()-C8
```

Ripoti ilitengenezwa Ijumaa tarehe 9 Mei jioni. Siku hiyo, kutoka 10 Aprili, ni siku 29, na hilo ndilo jibu ambalo programu ilihifadhi. Mama aliifungua Jumatatu, siku tatu baadaye. Ndani ya `Protected View` alisoma jibu la Ijumaa. Alipobofya, Excel ikapiga hesabu kwa tarehe ya Jumatatu na kupata 32. Kwa duka hili tofauti hiyo si ya mapambo: mteja aliyevuka siku 30 hapewi mzigo mwingine kwa mkopo. Kama mama angesoma na kufunga bila kubofya, mteja angepakiwa simenti asubuhi ile.

Kwangu mimi hili ndilo kosa la kuogopa zaidi kati ya mawili. Sifuri inapiga kelele, kila mtu anaona kuna tatizo. Lakini 29 ni namba ya kawaida kabisa, hakuna anayeishuku. Fomula yoyote inayotegemea wakati wa kufungua, kama `TODAY` na `NOW`, ndani ya `Protected View` itaonyesha siku ambayo mtumaji alihifadhi, hata kama ni mwezi uliopita.

Tulizungumza watatu kwenye simu moja. Kijana alidhani afute fomula zote aweke namba tupu. Mama akakataa, na alikuwa na haki: yeye hutumia fomula zile kukagua kazi, akibofya seli aone imetoka wapi. Tukakubaliana kwamba tarehe ya ripoti iandikwe kama tarehe ya kudumu kwenye seli B2, ikiwa na maneno "Hali kufikia" kando yake, na safu ya siku ikokotolewe kutoka hapo:

```
=$B$2-C8
```

Tarehe ya B2 haisogei. Faili lifunguliwe Jumatatu au Desemba, libofywe au lisibofywe, siku ni zilezile, na msomaji anaona juu kabisa ni hali ya tarehe gani. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba ripoti isitengenezwe tena Ijumaa jioni bali Jumatatu saa 12 asubuhi, ili "Hali kufikia" iwe siku anayoifanyia kazi.

Kuna hali moja jirani niitaje kwa ufupi, maana watu huichanganya na hii. Ukibofya `Enable Editing` na fomula bado hazikokotoi, `Protected View` imeshatoka kwenye kesi. Nenda `Formulas`, kisha `Calculation Options`, uone kama imewekwa `Manual`. Excel huchukua mpangilio huo kutoka faili la kwanza kufunguliwa, kwa hiyo faili moja la zamani lililohifadhiwa likiwa `Manual` linaweza kuyaambukiza mengine yote utakayofungua baada yake, rudisha `Automatic`. Na kama seli inaonyesha maandishi ya fomula yenyewe badala ya jibu, mara nyingi seli hiyo imewekwa muundo wa `Text`. Badilisha uwe `General`, ingia ndani ya seli kwa `F2`, bonyeza `Enter`.

Tiki tatu za `Trust Center` tuliziacha zilivyo. Kijana naye aliongeza hatua moja kabla ripoti haijaenda kwa wengine: programu inamtumia yeye kwanza, anaipakua kwa kivinjari kama mama anavyofanya, anaisoma mstari wa njano ukiwa juu, anaandika jumla ya D12 na siku za mteja mmoja pembeni, ndipo anabofya `Enable Editing` na kulinganisha. Wiki ya tatu alinitumia ujumbe wenye namba mbili tu, jumla kabla ya kubofya na jumla baada ya kubofya, na zilikuwa sawa.